Meza za Zege Zilizobaki Tupu

Katika mji ninaoishi, wauza mboga walihamishwa kutoka uwanja wa vumbi kando ya stendi, wakapewa jengo jipya lenye paa zuri, maji ya bomba na meza za zege zilizoandikwa namba. Ili pasiwe na upendeleo, meza ziligawiwa kwa kura. Baada ya wiki chache nyingi zilikuwa tupu, na mafungu ya nyanya yalikuwa yamerudi juu ya magunia, palepale stendi. Viongozi walisema ni ukaidi.

Nilimuuliza mama mmoja ninayenunua kwake. "Kule niliwekwa kati ya watu nisiowajua, baba. Nikienda kuswali, nani ananiuzia? Mteja akija na elfu kumi, chenji nakopa kwa nani? Sikuwahi kuyafikiria haya mpaka waliponihamisha."

Sentensi yake ya mwisho ndiyo iliyonikumbusha Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani. Merton alikuwa mmoja wa wafuasi wa uamilifu, nadharia inayoitazama jamii kama mwili ambao kila kiungo kina kazi yake. Lakini aliona wenzake wanachanganya nia ya watu na matokeo ya matendo yao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1949 alizitenga dhima mbili. Dhima dhahiri ni matokeo ambayo wahusika wenyewe wanayakusudia na kuyatambua. Dhima fiche ni yale wasiyoyakusudia wala kuyatambua, ingawa yanalisaidia kundi lao kusimama. Mfano wake ulikuwa Wahopi wa Marekani na ibada yao ya kuomba mvua. Mvua inyeshe isinyeshe, watu waliotawanyika hukusanyika na kujiona wamoja.

Rudi sasa pale uwanjani. Dhima dhahiri ya soko ni kuuza na kununua, na jengo jipya lilichorwa kwa ajili hiyo tu. Lakini akina mama waliokaa jirani kwa miaka walikuwa wanalindiana bidhaa, wanakopeshana chenji, wanacheza upatu na kumwambia mgeni bei ya asubuhi. Hakuna aliyekuja sokoni kufuata mambo hayo. Yalitokana na kukaa pamoja tu, na kura, kwa haki yake yote, iliukata ujirani huo vipande vipande. Merton alikwishaonya kwamba ukiondoa utaratibu bila kuweka kitu kingine cha kufanya kazi zake zilizojificha, utarudi kwa mlango wa nyuma. Yeye alikuwa akizungumzia wakubwa wa siasa za mijini Marekani, lakini angeizoea stendi yetu upesi.

Dhima fiche huonekana vizuri pale kitu kinaposimama. Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Masomo yaliyokatika kila mtu aliyatarajia, maana kufundisha ndiyo dhima dhahiri. Lakini mzazi anayeondoka alfajiri kwenda kibaruani aligundua kwamba shule ilikuwa pia inamshikia mtoto mchana kutwa, bila yeye kuihesabu kazi hiyo. Shule pia humweka mtoto mbele ya mwalimu anayeweza kuona alama ya kipigo mguuni.

Hapa kuna mtego. Mtu mwenye maneno anaweza kukibandika kitu chochote dhima fiche, kisha akadai kwa hiyo ni kizuri. Merton aliuziba mwanya huo kwa kukumbusha kwamba yapo pia matokeo yanayodhuru, na kwamba lazima uulize: yanamfaa nani? Wale akina mama wanaolindiana bidhaa ndio hao hao wanaoweza kumbana binti mgeni mpaka akose pa kutandika gunia. Shule inayowapa watoto marafiki wa maisha ndiyo pia inayoweza kumfunza aliyeshika mkia kwamba nafasi yake ni mkiani. Na tusichanganye kilichojificha na njama. Kama mwalimu mkuu anapanga kwa siri jambo fulani, hiyo ni nia, hata kama hajaitangaza.

Tena, kilichojificha kwa mmoja huwa wazi kwa mwingine. Mchoraji wa jengo hakuuona ujirani wa wauza mboga, na wao wenyewe waliuona ulipovunjika. Tangu hapo, kwao si dhima fiche tena. Wiki iliyopita nilipita ndani ya jengo lile. Kwenye kona moja wanawake watatu walikuwa wamebadilishana namba za kura na watu wengine ili wakae pamoja. Meza zao zilikuwa zimejaa, na mmoja wao alikuwa anamuuzia vitunguu mteja wa jirani aliyekwenda msalani.