Hisa Kiasi Gani kwa Wenye Miaka Thelathini na Kitu?

Ipo kanuni ya haraka ambayo washauri wa fedha huipenda: toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndiyo asilimia ya akiba ya kununulia hisa, nyingine iende kwenye hatifungani. Mwenye miaka 35 anapata hisa asilimia 65. Sababu yake ni ya kweli: kijana ana muda wa kusubiri bei zilizoanguka zinyanyuke. Ila kanuni hiyo haijui unakula kwa kazi gani, wala kama utapata usingizi bei zikianguka.

Chukua mume wa miaka 36, fundi alumini mwenye karakana yake Mwanza, na mke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya serikali. Wana akiba ya shilingi milioni 20. Matumizi yao ya mwezi ni milioni 1.3, kwa hiyo ya miezi sita, kama milioni 8, inatengwa kwanza. Hiyo haiguswi na hisa. Inakaa benki au kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambako kutoa hela hakuchukui siku nyingi. Zinabaki milioni 12.

Kwa kanuni, milioni 7.8 zingenunua hisa. Sasa zipime kwa kuzikata nusu. Si kutishana: kipimo cha hisa 20 za soko la Nairobi kilipita 6,000 mapema mwaka 2007, na miaka miwili baadaye kilikuwa chini ya 3,000. Zikikatika nusu, karibu milioni 4 zimeyeyuka.

“Baba Neema, hapo mimi nauza zote,” anasema mke. Ndilo jibu lenye thamani kuliko umri wao, kwani anayeuza bei ikiwa chini hageuzi hasara kuwa subira. Anaulizwa angevumilia kupoteza kiasi gani. Milioni 3. Basi zidishe mara mbili: hisa milioni 6, hatifungani za serikali milioni 6.

Mume ananung'unika kwamba ni woga. Mimi namuunga mkono mke. Mshahara wake na pensheni vinakuja kwa utulivu kama riba ya hatifungani, lakini mapato ya karakana yanapanda na kushuka na uchumi uleule unaosukuma hisa. Wangekuwa walimu wote wawili, ningewasogeza kuelekea ile 65.

Kila mwaka wapige hesabu upya. Hisa zikifika milioni 9 na hatifungani zikabaki 6, hisa zimekuwa asilimia 60. Hakuna haja ya kukimbilia kuuza na kumlipa dalali kamisheni, tena hisa za kampuni ndogo pale Soko la Hisa la Dar es Salaam zinaweza kukosa mnunuzi kwa siku kadhaa. Akiba mpya ielekezwe kwenye hatifungani mpaka pande mbili zilingane.