Siku ya ajali si siku ya kujua: namna ya kuijibu kampuni ya bima inayodai umechelewa

NCHELENGE, Zambia. Mfanyabiashara wa dagaa anayeishi makazi ya wakimbizi ya Mantapala hasafiri na mzigo wake. Ananunua chisense zilizokaushwa katika mwalo wa Kashikishi, anapakia magunia kwenye lori la mtu mwingine, kisha anarudi nyumbani kusubiri habari kutoka kwa mpokeaji aliye Kasumbalesa, mamia ya kilomita kutoka ziwani. Mzigo ukiharibika njiani, yeye ndiye wa mwisho kujua. Akiwa na bima ya mizigo safarini, hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu kampuni inaweza kuhesabu siku kuanzia lori lilipoanguka, wakati yeye anahesabu kuanzia simu ilipomfikia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wengi barabarani huyachanganya. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo madereva huionyesha mpakani, ni bima ya gari dhidi ya madhara kwa watu wengine, pamoja na matibabu ya waliomo ndani ya gari. Haigusi gunia hata moja. Bima ya mzigo ni hati nyingine kabisa, na ndani yake huwa kuna kifungu kinachosema taarifa ya hasara itolewe lini. Kifungu hicho ndicho kinachoamua barua ya majibu iandikweje.

Tuchukue mfano. Magunia 80 yanaondoka Kashikishi tarehe 3 Machi, mvua za masika zikiwa bado nzito. Tarehe 5 lori linateleza karibu na Mwense, turubai linachanika na mzigo unalowa. Dereva anampigia mwenye lori, naye anatuma gari jingine. Tarehe 8 mfanyabiashara anauliza kwa ujumbe wa simu mbona mzigo umechelewa. Anajibiwa kwamba gari liliharibika, mzigo umehamishwa, uko sawa. Tarehe 16 mpokeaji wa Kasumbalesa anafungua gari na kukuta magunia 31 yameota ukungu na mengine 6 hayapo. Anaandika hayo kwenye hati ya kupokelea mzigo, dereva anatia saini, na picha zinatumwa kwa WhatsApp. Mantapala mtandao unasumbua, hivyo picha zinamfikia mwenye mali jioni ya tarehe 17. Tarehe 18 anashuka Nchelenge na kutuma taarifa kwa kampuni.

Barua ya kampuni inarudi ikiwa na mistari michache tu: hati inataka taarifa ndani ya siku 7, ajali ilitokea tarehe 5, taarifa imekuja siku ya 13, madai yamekataliwa.

Kosa la kwanza ambalo mkatiwa bima hulifanya ni kujibu kwa hasira au kwa kuomba huruma. Anaeleza jinsi alivyokopa mtaji na jinsi watoto wanavyosubiri ada. Yote ni kweli, lakini hayajibu hoja. Hoja ni moja: siku 7 zinahesabiwa kutoka wapi? Jibu halimo kwenye barua ya kampuni, limo kwenye hati yenyewe, na kifungu kinafaa kunakiliwa neno kwa neno kama kilivyoandikwa.

Maneno yakisema "ndani ya siku 7 tangu mkatiwa bima alipojua hasara", kazi ni nyepesi: alijua tarehe 17, alitoa taarifa tarehe 18. Yakisema "haraka iwezekanavyo", bado kuna nafasi kubwa. Mahakama ya Uingereza ililisema hilo mwaka 1925 katika kesi ya msimamizi wa mirathi ya Verelst dhidi ya Motor Union. Mwanamke aliyekuwa na bima alifariki kwa ajali ya gari India. Msimamizi wa mirathi alijua kifo mapema, lakini kuwapo kwa hati ya bima alikuja kukujua karibu mwaka mmoja baadaye, ndipo akatoa taarifa. Jaji alisema "haraka iwezekanavyo" hupimwa kwa hali zote zilizokuwapo, ikiwemo kile ambacho mtoa taarifa alikuwa anakijua. Bima ikalazimika kulipa.

Yakisema "ndani ya siku 7 tangu kutokea kwa ajali", njia ni nyembamba, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Katika kesi ya Cassel ya mwaka 1885, hati ilitaka taarifa ndani ya siku 14 tangu ajali. Mtu aliumia akiwa kwenye mtumbwi, na madhara yakajitokeza miezi kadhaa baadaye. Alishindwa, ingawa hakuwa na njia ya kujua mapema. Hukumu hizi za Uingereza haziifungi mahakama ya Lusaka, lakini sheria ya Zambia ilirithi misingi yake kutoka huko na mawakili huzitumia kama hoja zenye uzito.

Hata katika kifungu kigumu namna hiyo kuna mambo mawili ya kutazama. Je, hati inasema kwamba bila taarifa ya mapema kampuni haiwajibiki kabisa? Kama haisemi hivyo wala haina maana hiyo, kuchelewa peke yake kwa kawaida hakufuti madai. Kampuni inabaki na haki ya kudai hasara ambayo ucheleweshaji huo uliisababishia. Jambo la pili ni magunia 6 yaliyopotea. Ukungu unaweza kuhusishwa na mvua ya tarehe 5, lakini upotevu unaweza kuwa ulitokea Mwense, Mansa, au uwanjani Kasumbalesa usiku wa kuamkia tarehe 16. Kampuni ndiyo inayodai sharti limevunjwa, na tangu kesi ya Bond Air dhidi ya Hill ya mwaka 1955 msimamo wa sheria hiyo ni kwamba anayedai hivyo ndiye athibitishe. Kwa hiyo jibu zuri linatenganisha hasara hizo mbili. Ukiziweka kwenye kapu moja, unaizawadia kampuni tarehe ambayo haiwezi kuithibitisha.

Sasa kuna ule ujumbe wa tarehe 8. Mkadiriaji wa hasara atauona, kwa sababu ataomba mazungumzo ya simu ya mwenye lori pia. Atasema: hapa ndipo ulipojua. Mfanyabiashara anayeuficha anapoteza zaidi ya tarehe. Anapoteza kuaminiwa kwa kila kitu kingine alichoandika. Ujumbe huo unapaswa kutajwa na mwenye madai mwenyewe, ukiwa mzima, na maelezo yake ni mafupi: aliambiwa gari limeharibika, akaambiwa mzigo uko sawa. Kujua kwamba kumetokea jambo si sawa na kujua kwamba kumetokea hasara.

Tofauti hiyo ilipimwa na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza mwaka 2016, Zurich dhidi ya Maccaferri. Kampuni ya Maccaferri ilikuwa imekodisha kifaa cha kufungia nyavu za waya, na Septemba 2011 mfanyakazi akaumia jicho. Maccaferri ilisikia habari za tukio muda si mrefu baadaye, lakini ilitoa taarifa kwa bima Julai 2013, ilipoingizwa kwenye madai. Hati ilitaka taarifa haraka iwezekanavyo baada ya tukio "linaloelekea" kuleta madai. Mahakama ilisema neno hilo lina maana ya uwezekano usiopungua nusu kwa nusu, kwa kuangalia kile mkatiwa bima alichokijua tukio lilipotokea, na kwamba kifungu kile hakikumlazimisha kuendelea kupeleleza. Zurich ikashindwa. Ile ilikuwa bima ya dhima, si ya mizigo, na kila kitu kilitegemea maneno ya kifungu. Kama hati yako inasema "alipojua au alipopaswa kujua", kampuni itauliza kwa nini hukumpigia dereva baada ya tarehe 8, nawe lazima uwe na jibu.

Kuna swali jingine ambalo huangusha madai mazuri: dereva ni wa nani? Akiwa ameajiriwa na mwenye mzigo na kukabidhiwa kazi ya kuutunza, kampuni itadai kwamba alichokijua dereva tarehe 5 bosi wake alikijua pia. Akiwa wa mwenye lori, kama katika mfano wetu, hoja hiyo inadhoofika sana. Ndiyo maana hati ya kusafirisha mzigo, yenye jina la msafirishaji na saini yake, inaambatishwa hata kama hakuna anayebisha kwamba mzigo ulipakiwa. Vivyo hivyo kwa dalali wa bima. Kumwambia dalali si lazima kuwe sawa na kuiambia kampuni, kwani mara nyingi dalali ni wakala wa mkatiwa bima. Taarifa iende kwa wote wawili.

Kuthibitisha kwamba hukujua ni kazi ngumu kuliko kuthibitisha kwamba ulijua. Inafanyika kwa kuonyesha njia zote ambazo habari ingeweza kupitia, moja moja. Orodha ya simu kutoka kampuni ya mtandao inaonyesha kwamba dereva hakumpigia mwenye mzigo kati ya tarehe 5 na 16. Mwenye lori anaandika na kutia saini alimwambia nani na lini. Mpokeaji anatoa hati yenye maelezo yaliyoandikwa siku ileile. Mazungumzo ya WhatsApp yatolewe mfululizo, si vipande vilivyokatwa, na simu yenyewe itunzwe. Saa nazo ziangaliwe: Lubumbashi na Lusaka hutumia saa moja, lakini simu iliyowekwa saa za Dar es Salaam iko mbele kwa saa moja, na ujumbe wa karibu na usiku wa manane unaweza kuonekana wa siku nyingine. Mwisho mwenye madai mwenyewe anaapa mbele ya kamishna wa viapo.

Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"Mnasema taarifa ilipaswa kutolewa kufikia tarehe 12 Machi. Kifungu cha hati kinasema siku 7 'tangu mkatiwa bima alipojua hasara'. Tarehe 8 Machi niliuliza kuhusu kuchelewa kwa mzigo nikajibiwa kwamba gari limeharibika na mzigo uko sawa. Mazungumzo yote yameambatishwa. Nilijua uharibifu wa magunia 31 na upotevu wa magunia 6 kwa mara ya kwanza jioni ya tarehe 17 Machi, kwa picha za mpokeaji. Niliwapa taarifa tarehe 18. Kama mnashikilia tarehe nyingine, nielezeni ni ushahidi gani unaoonyesha kwamba nilijua mapema, na kuchelewa huko kuliwadhuru vipi."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoisukuma kampuni. Mara nyingi mkadiriaji alikwishakwenda, akaona magunia, akapiga picha, na hakuna kilichopotea. Kama alitumwa baada ya kampuni kujua tarehe zote, na hakuna barua iliyosema kwamba inahifadhi haki yake ya kukataa, hilo nalo liandikwe kwenye jibu.

Barua ipelekwe kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, au itumwe kwa barua pepe na kuhifadhiwa. Kampuni ikiendelea kukataa, malalamiko nchini Zambia hupelekwa kwa Mamlaka ya Pensheni na Bima iliyoko Lusaka. Kwa hati iliyokatwa Tanzania yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, Dar es Salaam. Nyaraka ni zilezile. Magunia yenye ukungu yasitupwe wala kuuzwa kwa bei ya chakula cha mifugo kabla kampuni haijaandikiwa kwamba yapo, wapi, na hadi tarehe gani yanaweza kukaguliwa.