Umepunguza Chakula Lakini Njaa Haikuachi? Angalia Usingizi Wako

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga sokoni. Daktari amemshauri apunguze uzani kwa sababu presha yake imepanda. Amepunguza ugali na kuacha soda. Hata hivyo, yeye hulala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri ili awahi mboga. Asubuhi hali chochote. Ikifika saa nne amekunywa chai ya sukari na mandazi matatu, na jioni anajilaumu kuwa hana nidhamu.

Shida yake kubwa si nidhamu. Mtu mzima anahitaji kulala angalau muda wa saa saba kila usiku, naye analala tano tu.

Mwili una homoni mbili zinazosimamia njaa. Ghrelini hutoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba ni wakati wa kula. Leptini hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia kwamba akiba ipo. Mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima vijana 12 wenye afya baada ya kukaa kitandani saa nne tu kwa siku mbili mfululizo. Wakilinganishwa na walivyokuwa baada ya kukaa kitandani saa kumi, leptini ilishuka kwa asilimia 18 na ghrelini ikapanda kwa asilimia 28. Hamu yao iliongezeka zaidi kwa vyakula vitamu, vya chumvi na vya wanga.

Msongo wa mawazo huongeza uzito wa jambo hili. Deni au karo inapokusumbua kwa wiki nyingi, homoni ya kortisoli hubaki juu, na wengi hutafuta nafuu katika sukari na mafuta. Mawazo hayo hayo hufukuza usingizi, na usiku unaofuata unakuwa mfupi zaidi.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye mizani. Mwaka wa 2010, watu 10 wenye uzani mkubwa walipunguziwa chakula kwa siku 14 wakikaa kitandani saa nane na nusu, na siku 14 nyingine kwa saa tano na nusu. Kila mara walipoteza takriban kilo tatu. Lakini walipolala vya kutosha, kilo 1.4 zilikuwa mafuta; walipolala kidogo, mafuta yalikuwa kilo 0.6 tu. Kilichobaki hakikuwa mafuta, na sehemu yake huweza kuwa nyama ya mwili, ambayo ndiyo nguvu zako za kazi.

Mama wetu afanye nini, ilhali soko halimngoji?

Kwanza, aongeze usingizi upande wa jioni. Chakula cha saa tatu kiliwe saa moja, simu iwekwe mbali na kitanda, na taa izimwe saa tatu. Chai ya majani na kahawa ziishie saa nane mchana, kwa kuwa kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Usiku ukiwa mfupi, alale dakika 20 hivi mchana.

Pili, asiruke kiamshakinywa. Mayai mawili ya kuchemsha, au maharagwe na kipande cha nduma, hushibisha kwa muda mrefu kuliko mandazi. Kama usiku ulikuwa mbaya, siku hiyo asipunguze chakula zaidi. Ale kiasi chake cha kawaida kwa wakati wake.

Tatu, ajifunze kutofautisha njaa na hamu. Njaa huja polepole na hukubali hata githeri baridi. Hamu huja ghafla na hutaka mandazi tu. Ikiwa ni hamu, anywe maji na atembee dakika kumi kabla ya kuamua. Mara nyingi hupungua.

Nne, kabla ya chakula cha jioni aandike linalomsumbua na hatua moja atakayochukua kesho. Deni haliishi, lakini haliendi naye kitandani.

Kuna dalili ambazo hatua hizi hazitoshi. Njaa isiyoisha pamoja na kiu na kukojoa mara kwa mara huweza kuwa kisukari. Kukoroma sana, kukatika pumzi usingizini na kusinzia mchana kunahitaji daktari. Vivyo hivyo, kukosa usingizi au kuwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Anayetumia dawa za kisukari asipunguze chakula wala kuruka mlo kabla ya kumwona daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka kwa hatari.