Deni Lililohamia Benki ya Jirani

Tarehe 18 Desemba 2008, Seán FitzPatrick alijiuzulu uenyekiti wa Anglo Irish Bank jijini Dublin. Kilichomng'oa hakikuwa wizi wa fedha kutoka kwenye kasha. Ilibainika kwamba kwa muda wa miaka minane mikopo aliyochukua kwenye benki hiyohiyo ilikuwa ikiondolewa vitabuni kila mwaka wa hesabu ulipokaribia kufungwa, kisha ikirudishwa baadaye. Katika mwaka 2007 mikopo hiyo ilizidi yuro milioni 100. Mwenye hisa aliyefungua taarifa ya mwaka hakuiona.

Ujanja wenyewe ulitegemea kalenda. Anglo ilifunga hesabu zake tarehe 30 Septemba. Taasisi nyingine ya fedha, Irish Nationwide, ilifunga zake tarehe 31 Desemba. Septemba ilipokaribia kuisha, Irish Nationwide ilimkopesha mwenyekiti, naye akalipa deni lake Anglo. Siku ya kufunga vitabu ilipopita, Anglo ikamkopesha upya, naye akalipa kule. Hivyo hakuna benki kati ya hizo mbili iliyokuwa na deni lile vitabuni siku hesabu zake zilipofungwa. Risiti zilikuwepo, na fedha zilisafiri kweli. Januari 2009 serikali ya Ireland iliitaifisha Anglo, na mwaka huohuo sheria ya kampuni ikarekebishwa ili kukaza masharti ya kutangaza mikopo ya wakurugenzi wa benki. FitzPatrick alishtakiwa kwa madai ya kuwapotosha wakaguzi wa hesabu, lakini mwezi Mei 2017 jaji aliagiza baraza la mahakama limwachie huru, baada ya kukosoa vikali jinsi uchunguzi ulivyoendeshwa.

Kisa hicho kinafundishwa kwa wakaguzi wachanga kwa sababu kinaonyesha udhaifu wa kipimo kilichozoeleka. Mkaguzi anayeuliza tu "mkurugenzi anadaiwa kiasi gani tarehe ya mwisho wa mwaka?" atapewa jibu sahihi lisilomfaa. Anachotakiwa kukifuata ni mwendo wa deni: lilivyoanza, nani aliliidhinisha, lilipanda na kushuka lini, na lilifanya nini katika wiki za mwanzo za mwaka uliofuata.

Tuchukue mfano wa kubuni, kampuni ya usafirishaji yenye malori kadhaa na wakurugenzi watano. Leja ya mkopo wa mkurugenzi mmoja inaanza Januari ikiwa na salio la shilingi milioni 40. Mwezi Machi anaongezewa milioni 25. Tarehe 29 Desemba zinaingia milioni 65, na siku mbili baadaye mwaka unafungwa salio likiwa sifuri. Mhasibu anaiweka leja mezani kwa furaha: mkopo umelipwa, kuna nini tena cha kukagua?

Mkaguzi makini hapo ndipo anapoanza. Kwanza anaiacha leja na kwenda kwenye taarifa ya benki, ambayo anaiomba benki yenyewe badala ya kupokea nakala kutoka ofisi ya uhasibu. Milioni 65 zimeingia kweli, tarehe ileile. Ila jina la aliyelipa si la mkurugenzi; ni la duka la vipuri linaloiuzia kampuni matairi na breki. Anafungua taarifa ya benki ya Januari, ambayo si ya mwaka anaoukagua, na tarehe 4 anakuta milioni 65 zimetoka kwenda duka lilelile, kwa maelezo kwamba ni malipo ya awali ya vipuri. Anaomba oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo, hata ankara tu. Hakuna. Anaomba taarifa za usajili wa duka kwa msajili wa kampuni, na mmiliki anayeonekana ni mke wa mkurugenzi.

Sasa picha imekamilika. Duka lilimwazima mkurugenzi fedha kwa siku sita, na kampuni ndiyo iliyolirudishia. Kwa hiyo vitabu vya tarehe 31 Desemba vinarekebishwa pande mbili: mkurugenzi bado anadaiwa milioni 65, na kampuni nayo inadaiwa milioni 65 na duka. Halafu inakuja riba, ambayo watu husahau. Ikiwa mkataba unasema asilimia 12 kwa mwaka bila kulimbikiza, milioni 40 za mwaka mzima zinazaa milioni 4.8, na milioni 25 za kuanzia Aprili zinazaa milioni 2.25. Leja haina hata senti ya riba. Deni halisi ni shilingi milioni 72.05, si sifuri.

Dalili hapa zilikuwa tatu, na zinajirudia karibu kila mahali: malipo ya mkupuo katika siku za mwisho za mwaka, mlipaji asiye mkopaji, na fedha zinazotoka kiasi kilekile mara baada ya mwaka kuanza. Ipo ya nne isiyopita benki kabisa. Deni "linalipwa" kwa marekebisho ya leja tu, pengine kwa kulihamishia kwenye akaunti ya wadaiwa mbalimbali, au kwa kulifuta dhidi ya posho ambazo bodi haikuwahi kuzipitisha. Mkaguzi hukubali marekebisho ya namna hiyo pale tu anapoona uamuzi uliyoyazaa na mtu mwenye mamlaka aliyeuidhinisha.

Kuhusu idhini, kazi inaonekana rahisi: tafuta muhtasari wa kikao, soma azimio, weka tiki. Ukweli ni kwamba muhtasari ndiyo karatasi inayoandikika upya kwa wepesi kuliko zote. Katika kampuni yetu ya malori, azimio la kuongeza milioni 25 limeandikwa tarehe 20 Machi, ilhali hati ya malipo na taarifa ya benki zinaonyesha fedha zilitoka tarehe 14. Bodi ilibariki kitu kilichokwisha kufanyika. Tena waliohudhuria ni watatu, idadi ya chini inayohitajika, na mmoja wao ni mkopaji mwenyewe. Ikiwa katiba ya kampuni inamtaka mwenye maslahi ajitoe asihesabiwe, hapakuwa na kikao halali. Ndiyo maana mkaguzi huangalia mfululizo wa namba za mihtasari na tarehe za vikao, na hulinganisha mahudhurio na malipo ya posho za kikao. Mjumbe anayeonekana kuhudhuria bila kuchukua posho anahitaji maelezo.

Sheria nazo zina la kusema. Kwa kampuni za kawaida nchini Kenya, Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inataka mkopo kwa mkurugenzi upitishwe na wanachama, ukiacha hali maalumu zilizotajwa humo. Saini ya bodi peke yake haitoshi. Kwa benki, Sheria ya Benki ya nchi hiyo inadai idhini ya bodi nzima, masharti yanayofanana na ya wateja wengine, na taarifa kwa Benki Kuu ndani ya siku 7. Mkaguzi anayejua hayo hubeba faili la mkurugenzi na faili la mteja wa kawaida wa kiasi kinachokaribiana, akayasoma sambamba: riba, dhamana, tathmini ya nyumba iliyowekwa rehani, muda wa kulipa. Tofauti hujitokeza yenyewe.

Karadha na masurufu ya wafanyakazi wa kawaida ni mambo madogo kwa kila mmoja na mengi kwa pamoja, hivyo hukaguliwa kwa mtindo mwingine. Karadha ya mshahara hufuatwa kwenye orodha ya mishahara: kama mfanyakazi alikopa 600,000 kwa miezi sita, hati zake sita za mshahara zionyeshe makato ya 100,000 kila moja, na jumla ya makato ya wote ilingane na kilichopunguzwa kwenye leja. Masurufu ya safari hufuatwa kwa stakabadhi na muda. Hatari kubwa ni masurufu mapya kutumika kuziba ya zamani, mfanyakazi akionekana anarejesha kila mwezi kumbe ni deni moja linalobadilishwa tarehe. Orodha ya wadaiwa ikipangwa kwa umri, kisha ikalinganishwa na orodha ya walioacha kazi, mara nyingi hutoa majina ya watu ambao hawapo tena wa kukatwa mshahara. Hao ni hasara inayosubiri kuandikwa.

Kinachobaki ni kutangaza. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu namba 24, inayohusu watu na kampuni zenye uhusiano na taasisi, inataka hesabu zieleze aina ya uhusiano, kiasi cha miamala ya mwaka, salio, masharti na dhamana, pamoja na kiasi kilichotengwa kwa madeni yenye shaka. Maneno "miamala ya mwaka" ndiyo yenye uzito hapa, kwa sababu mkopo uliochukuliwa na kurudishwa kabla ya Desemba bado ni muamala. Karadha ya dereva haimo humo; ya meneja mkuu imo, kwa kuwa yeye ni miongoni mwa wanaoiongoza taasisi. Benki za Kenya huchapisha pia, kila robo mwaka, mstari wa mikopo kwa watu wa ndani. Mwaka 2016 Chase Bank ilitoa hesabu za mwaka 2015 zilizorekebishwa, na mstari huo ulikuwa umekua kwa mabilioni ya shilingi. Wateja walikimbilia kutoa fedha, na tarehe 7 Aprili benki ikawekwa chini ya mrasimu.

Wakurugenzi wanaposikia kwamba jambo lao litaandikwa, hoja ya kwanza huwa ni udogo wa kiasi. Kwenye kampuni yenye mauzo ya mabilioni, milioni 72 zitaonekana kama vumbi. Hoja hiyo haina nguvu sana kwa deni la mkurugenzi, kwani mkaguzi hupima pia asili ya jambo, na mtu aliyekopa hapa ndiye anayesimamia fedha za wenye hisa wengine.

Wakikataa katakata kuongeza maelezo hayo, mkaguzi hana mamlaka ya kuziandika upya hesabu zao. Anaweza kutoa hati yenye shaka. Viwango vya ukaguzi vinamtaka, inapowezekana na sheria isipokataza, aweke maelezo yaliyoachwa ndani ya ripoti yake mwenyewe, ili mwenye hisa ayasome humo: jina la uhusiano, milioni 72.05, tarehe 29 Desemba na tarehe 4 Januari.