Omba Picha Kabla Haijakatwa

Picha ya mafuriko imekufikia kwa WhatsApp: ukuta, maji, nusu ya kibanda cha M-Pesa. Kikiwa chekundu utahisi Tanzania, kijani Kenya. Lakini mtaa gani? Ukiuliza "ni wapi?" tu, huenda aliyetuma naye ametumiwa. Mwandikie hivi: "Pole, ndugu. Ni wewe uliyeipiga? Naomba ile ya mwanzo, kabla hujaikata, uitume kama faili. Kama ulipiga nyingine upande wa kushoto au kulia, hata zilizotoka vibaya, nitumie."

Ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana na kufuta saa na mahali ilipopigwa, kama simu ilihifadhi mahali. Na ukingo uliokatwa ndio mara nyingi wenye kibao cha duka. Usimrudishe majini kupiga upya.