Umeme Ukikatika Siku Tatu, Ufunguo wa Jenereta Uko kwa Nani?

Desemba 2009 Unguja iliingia gizani, na umeme wa gridi haukurudi hadi Machi 2010. Hitilafu ilitokea Fumba, pale waya wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara unapotokeza nchi kavu. Kabla ya hapo, kuanzia Mei 2008, kisiwa kilikuwa kimeshakaa karibu mwezi mzima bila umeme. Aliyefanya biashara nyakati hizo anajua kwamba jenereta haitoshi. Mafuta yanaisha, ufunguo haupatikani, na kila mtu anamsubiri bosi aseme neno.

Dawa yake ni ukurasa mmoja unaobandikwa ukutani, unaosema nani afanye nini na saa ngapi. Tuchukue mfano wa duka la dawa lenye wafanyakazi wanne kila zamu: msimamizi, mfamasia, keshia na mlinzi. Ukurasa wataje kwa vyeo, kwani majina hubadilika, na kila cheo kiwe na msaidizi wake.

Mstari wa kwanza ni wa msimamizi. Umeme ukikosekana dakika 15, yeye ndiye anayetangaza dharura, bila kusubiri ruhusa ya mwenye duka. Papo hapo anapiga simu tatu: kwa shirika la umeme, kwa muuza mafuta na kwa mwenye duka. Haraka hiyo ina sababu. Minara mingi ya simu hutegemea betri umeme ukikatika, na betri hizo hudumu saa chache tu. Mahali ambapo mnara hauna jenereta, mtandao nao utazimika. Anayesubiri hadi jioni ndipo aagize dizeli huenda akakuta simu haishiki.

Mstari wa pili ni wa mfamasia, maana ndani ya friji kuna insulini inayopaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Friji ya kawaida isipofunguliwa hushika baridi kwa saa nne hivi. Ya mlango wa kioo, kwenye joto letu, huwahi kupoteza baridi. Kwa hiyo mfamasia afuate kipimajoto, asifuate saa. Asomee kipimajoto chenye kioo cha nje ili asifungue mlango, na aandike daftarini kila nusu saa. Kikifika nyuzi 7, jenereta iwashwe. Jenereta ikigoma, dawa zihamie kwenye kasha la baridi, na hapa ndipo wengi huharibu: huweka insulini juu ya barafu moja kwa moja. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Barafu itengwe na dawa kwa kadibodi au taulo.

Mlinzi ndiye mwenye ufunguo wa jenereta na hesabu ya mafuta. Ikiwa jenereta inakunywa lita 2 kwa saa, kuiwasha mchana kutwa na usiku kucha ni lita 48. Ikiwashwa saa 2 na kuzimwa saa 4 kwa zamu, siku nzima ni lita 16, na dumu la lita 20 linavuka siku moja. Kipimajoto ndicho kitakachosema kama mapumziko ya saa 4 yanatosha. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Isiunganishwe kamwe bila swichi ya kubadilishia umeme. Ikikosekana, umeme wako utarudi kwenye laini na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Keshia anahamia kwenye kitabu cha risiti chenye namba. Kila risiti ina saa, jina la dawa, namba ya toleo, idadi na bei. Mtandao ukiyumba, malipo ya simu yasimame na fedha taslimu tu zipokelewe. Ujumbe wa muamala ukichelewa, mteja hudhani hakulipa, akalipa tena, na ugomvi huanza.

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika: umeme ukirudi nani afanye nini? Mlinzi asubiri dakika 15 nguvu ya umeme itulie ndipo friji irudishwe kwenye gridi. Keshia aingize risiti kwenye kompyuta kwa kufuata namba, mfamasia akihakiki hesabu dhidi ya dawa zilizobaki rafuni. Msimamizi ndiye anayetangaza kwamba dharura imekwisha, baada ya hesabu hizo kulingana.

Ukurasa huo ujaribiwe kabla ya shida. Chagua asubuhi moja, hakikisha jenereta ina mafuta, zima swichi kuu kwa saa mbili, kisha kaa pembeni usiseme kitu. Mfanyakazi yeyote akikuuliza, "Tufanyeje?", andika swali lake. Jibu lake ndilo linalokosekana ukutani.