ORS haifungi tumbo, inarudisha maji

Mtoto anaharisha tangu alfajiri. Mama amemnywesha ORS kutwa nzima, na jioni choo bado ni majimaji. Wengi hapo hukata tamaa, wakaiacha ile dawa na kukimbilia duka la dawa kutafuta kidonge cha kufunga tumbo. Hilo ndilo kosa kubwa. ORS haikutengenezwa ili kufunga tumbo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazotoka, huku tumbo likipona lenyewe, na mara nyingi hupona ndani ya siku chache bila antibayotiki. Kinachoua mtoto ni kukaukiwa maji, na vidonge vya kufunga tumbo havifai kabisa kwa watoto wadogo.

Siri ya dawa hii iko kwenye ukuta wa utumbo. Hata wakati wa kuharisha, sukari na chumvi zikifika pamoja kwa kipimo sahihi, utumbo huzifyonza na maji huzifuata. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi wa Bangladesh katika kambi ya Bangaon, India, na dripu zikawa hazitoshi, Dakta Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji ya sukari na chumvi. Vifo vilivyokuwa vikifika kama 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4 kwa waliotibiwa hivyo.

Kila kitu kinategemea kipimo. Soma pakiti: nyingine ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Kama ni ya lita moja, pima maji safi ya kunywa kwa chupa mbili za nusu lita, yamimine kwenye jagi, kisha tia unga wote na ukoroge hadi uyeyuke. Usigawe unga ili utie kidogo kidogo kwenye glasi, kwa sababu mchanganyiko mzito mno huzidisha kuharisha, na mwepesi mno haurudishi chumvi ya kutosha. Usiongeze sukari, soda wala maziwa. Funika jagi, na yakibaki baada ya saa 24, mwaga. Kama pakiti haipatikani, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi.

Tuchukue mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye ameharisha mara nne tangu asubuhi, lakini bado anacheza, anakojoa, na akilia machozi yanatoka. Huyu anaweza kutunzwa nyumbani. Kila akiharisha, mpe robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko au kwa vifunda vidogo. Mwenye umri wa miaka miwili na zaidi hupewa nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili au tatu. Endelea kumnyonyesha na kumpa uji na chakula chake cha kila siku, maana kumnyima chakula humdhoofisha. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10. Vimalize hata kama kuharisha kumekoma.

Usipime maendeleo yake kwa choo peke yake. Tazama mkojo, macho na uchangamfu wake. Bana kidogo ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu kwa vidole viwili, kisha iachie. Ngozi ya mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, macho yakiwa yamezama, mtoto akiwa na kiu kali au amelegea, au amekaa saa 6 bila kukojoa, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Usisubiri pia ukiona damu kwenye choo, akishindwa kunywa au kutapika kila kitu, akipata degedege au homa kali, au choo kikitoka kingi na cheupe kama maji ya mchele, maana hicho huenda ni kipindupindu. Mtoto wa chini ya miezi mitatu au mwenye utapiamlo apelekwe mapema hata bila dalili hizo. Kuharisha kukifika siku 14, au kukizidi licha ya matunzo, nako kunahitaji mganga. Kama mtoto yuko macho na anaweza kumeza, chukua jagi lako la ORS, na umnyweshe njiani mpaka mfike.